Masharti ya matumizi na sera ya faragha: uanze na ipi, na kila sentensi ikae wapi

Programu imekwisha, umebakiza kujaza fomu ya duka. App Store na Google Play zote zinataka kiungo cha sera ya faragha, na usipokiweka huendi mbele. Masharti ya matumizi hayadaiwi kwa ukali huo. Basi wapo wanaoandika sera harakaharaka na kuyaacha masharti mpaka siku ya ugomvi. Wapo pia wanaochota faili moja ndefu kutoka programu ya mtu mwingine, wakabadilisha jina la kampuni na kuiweka nyuma ya viungo vyote viwili. Hawa wa pili ndio walio pabaya zaidi, maana wametoa ahadi wasizozijua kuhusu programu ambayo aliyeziandika hakuwahi kuiona.

Hati hizi huonekana pacha kwa sababu hukaa pamoja chini ya skrini ya kujisajili, kwa herufi ndogo zilezile. Lakini kazi zake ni mbalimbali. Masharti ya matumizi ni mkataba: wewe na mtumiaji mnafungana, kila mmoja ana haki na wajibu wake, na hayamfungi mpaka akubali. Sera ya faragha ni taarifa: unamweleza mtumiaji unachukua nini kumhusu, kwa nini, unampa nani na unakaa nacho kwa muda gani. Haihitaji akubali ili iwe halali. Inahitaji kuwa kweli.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima zote mbili kwa maswali manne. Nani anakulazimisha kuwa nayo? Inapata nguvu kwa njia gani? Maneno yake unayatoa wapi? Na siku unapotaka kuibadilisha, au ulichoandika kikikutwa si sahihi, unajibu kwa nani?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue programu ya wanakwaya. Mtu anafungua akaunti kwa barua pepe, anajiunga na kikundi chake, anarekodi sauti yake ya mazoezi, na wenzake wanaisikiliza na kuacha maoni. Anayetaka nafasi zaidi ya kuhifadhi analipia kila mwezi kupitia duka. Nyuma ya pazia kuna kifurushi cha msimbo cha kampuni nyingine kinachokusanya takwimu za matumizi, na kingine kinachotuma ripoti programu inapokwama. Ni programu ya kawaida kabisa, na bado ina karibu kila kitu kinachosumbua katika uandishi huu.

Nani anakulazimisha

Kwa sera ya faragha, sheria yenyewe inakulazimisha. California ilipitisha sheria mwaka 2003, ikaanza kutumika 2004, inayomtaka mwenye huduma ya kibiashara mtandaoni anayekusanya taarifa binafsi za wakazi wake aweke sera mahali inapoonekana. GDPR, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inakwenda mbali zaidi: vifungu vya 13 na 14 vinataja kimoja kimoja mambo ambayo mtu lazima aelezwe. Kenya ilipata sheria yake 2019 na Tanzania 2022, nazo zinamtaka mkusanyaji wa taarifa amweleze mwenye taarifa. Maduka nayo yameongeza lao. Apple inataka sera kwa kila programu tangu Oktoba 2018, na Google Play inaitaka hata kwa programu isiyokusanya chochote. Kwa hiyo swali la "niwe na sera au nisiwe nayo" limekwisha kabla hujaliuliza.

Masharti yana hadithi nyingine. Kwa jumla hakuna sheria inayosema kila programu lazima iwe na masharti yake. Apple hata imeandaa mkataba wa kawaida unaotumika pale ambapo msanidi hakuleta wake. Ila wajibu unaingia kwa mlango wa vipengele. Ukiruhusu watumiaji wapakie vitu vyao, Google Play inataka wakubali masharti yako kabla ya kupakia. Ukiuza usajili unaojirudia, Apple inataka kiungo cha masharti kinachofunguka, na kukosa kiungo hicho ni sababu ya kawaida ya programu kurudishwa kwenye ukaguzi.

Programu yetu ya kwaya ina vyote viwili, upakiaji na usajili, kwa hiyo haiwezi kuyakwepa masharti. Na ingawa mkataba wa kawaida wa Apple ungeipitisha kwenye ukaguzi, haujui lolote kuhusu vikundi, rekodi au mtu anayefukuzwa kwa kutukana wenzake. Tena ni wa upande wa Apple tu. Mwenye simu ya Android anabaki bila mkataba wowote na wewe.

Inavyopata nguvu

Hapa ndipo tofauti inapouma, na ndipo makosa mengi yanapofanyika kwenye skrini, wala si kwenye maandishi.

Masharti yanaweza kuandikwa na wakili hodari na bado yasimfunge mtu, kama mtu huyo hakupata nafasi ya kujua kwamba anakubali kitu. Mahakama za Marekani zimeacha mifano miwili inayofaa kuwekwa pamoja. Katika kesi ya Specht dhidi ya Netscape, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2002, watu walibofya kitufe cha kupakua programu ya bure. Maneno yanayotaja masharti yalikuwa chini zaidi ya ukurasa, mahali ambapo usipoteremsha skrini huyaoni. Mahakama ikasema hawakukubali chochote, na kifungu cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi hakikuwafunga. Miaka 15 baadaye, katika kesi ya Meyer dhidi ya Uber, mahakama hiyohiyo iliona skrini ya simu isiyo na mambo mengi. Chini tu ya kitufe cha kujisajili palikuwa na sentensi inayosema kwamba kwa kufungua akaunti unakubali masharti, yenye kiungo kinachojitokeza, na yote yalionekana bila kuteremsha. Hapo mtumiaji akafungwa.

Somo la mpangilio wa skrini ni la moja kwa moja. Sentensi ya kukubali ikae karibu na kitufe, isifichwe na kibodi inapopanda, rangi yake isififie kwenye mandhari ya nyuma, na kiungo kionekane kuwa ni kiungo. Kisanduku cha kutia tiki ni salama zaidi, mradi kisije kimeshatiwa tiki. Kisha hifadhi ushahidi, kwa sababu siku ya mzozo utaulizwa mtu huyu alikubali toleo lipi na aliona skrini ipi:

```
user_id: 4821
doc: masharti
version: 3
accepted_at: 2025-02-11T08:14:03Z
screen: kujisajili_v5
```

Weka pia nakala ya kila toleo la masharti na picha ya kila toleo la skrini. Kumbukumbu inayosema "toleo la 3" haina maana kama toleo la 3 limeandikwa juu yake na la 4.

Sera ya faragha haitafuti saini. Inatafuta kusomwa kwa wakati unaofaa: kabla au wakati unachukua taarifa. Kwa programu ya kwaya, kiungo kwenye skrini ya kujisajili kinatosha kwa barua pepe. Kwa maikrofoni ningeongeza mistari miwili kabla simu haijatoa dirisha lake la kuomba ruhusa: rekodi inakwenda wapi, nani ataisikia. Mtu akiwa anaimba si wakati wa kumpeleka akasome aya ya 7.

Kosa lililozoeleka ni kisanduku kinachosema "Nakubali Masharti ya Matumizi na Sera ya Faragha", halafu msanidi akaamini kwamba tiki hiyo moja imempa ridhaa ya kila kitu. Chini ya GDPR ridhaa iliyochanganywa na mambo mengine lazima itofautike waziwazi, na mtu awe huru kuikataa. Tiki ya kufungulia akaunti haina uhuru huo. Mimi huandika hivi: "Kwa kujisajili unakubali Masharti ya Matumizi. Sera ya Faragha inaeleza tunavyotumia taarifa zako." Kitenzi cha kwanza ni kukubali, cha pili ni kueleza. Kama kuna jambo linalohitaji ridhaa kweli, kwa mfano kutuma matangazo kwa barua pepe, lina swichi yake peke yake na linazimika wakati wowote.

Kuna waliojaribu kuipitisha taarifa binafsi kwenye mlango wa mkataba kwa makusudi. GDPR ilipoanza, Meta iliweka matangazo yanayofuata tabia ya mtumiaji ndani ya masharti ya Facebook na Instagram, ikidai kwamba matangazo hayo ni sehemu ya huduma ambayo mtu ameingia mkataba kuipata. Malalamiko yalipelekwa siku ileile sheria ilipoanza kutumika. Januari 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland ilitangaza faini ya jumla ya yuro milioni 390, na kusema kampuni haikuwa na haki ya kuegemea mkataba kwa matangazo hayo. Kuandika jambo kwenye masharti hakulifanyi kuwa la lazima kwa huduma. Kuhifadhi rekodi za mwanakwaya ni lazima, maana bila hivyo hakuna programu. Kuchambua sauti yake ili kumuuzia kitu si lazima, hata ungeliandika kwa wino wa dhahabu.

Maneno unayatoa wapi

Sera ya faragha huandikwa kutoka kwenye msimbo. Mwandishi asiyefungua mradi na kuangalia kilichomo ataandika hadithi. Kwa Android, anza na hizi:

```
./gradlew app:dependencies
aapt dump permissions app-release.apk
```

Ya kwanza inakuonyesha kila kifurushi kilichoingia, pamoja na vile vilivyoletwa na vingine bila wewe kuviita. Ya pili inaonyesha ruhusa ambazo programu iliyojengwa inaomba kweli, na mara nyingi orodha hiyo ni ndefu kuliko uliyoiandika mwenyewe. Mfano unaowashangaza wengi ni `com.google.android.gms.permission.AD_ID`, ruhusa ya kusoma kitambulisho cha matangazo. Hukuiandika, lakini kifurushi cha takwimu kimeibeba na kuiunganisha kwenye programu yako. Kama sera yako inasema "hatugusi vitambulisho vya matangazo" na ruhusa hiyo ipo, umeshajipinga kabla mtumiaji wa kwanza hajaingia. Ama uiondoe ruhusa, ama uibadilishe sentensi.

Baada ya hapo tengeneza jedwali lenye safu chache: kitu unachochukua, sababu, kinakokwenda, muda kinaokaa. Kwa programu ya kwaya safu mlalo zitakuwa barua pepe, nenosiri lililosimbwa, rekodi za sauti, maoni, hali ya malipo unayoletewa na duka (namba ya kadi huioni, na uiseme hivyo), takwimu za matumizi na ripoti za hitilafu. Sera yako ni jedwali hilo likigeuzwa kuwa sentensi. Jedwali hilohilo ndilo utakalojazia fomu za usalama wa data za Google Play na za faragha za App Store, na majibu yake lazima yalingane na sera.

Usipofanya kazi hiyo unaweza kuangukia yaliyoikuta Flo, programu ya kufuatilia hedhi na ujauzito. Iliwaahidi watumiaji kwamba taarifa zao za afya zitabaki siri. Ndani ya msimbo, vifurushi vya takwimu vya kampuni nyingine, Facebook na Google zikiwemo, vilikuwa vikipokea matukio ambayo wasanidi waliyapa majina yanayojieleza, mfano `R_PREGNANCY_WEEK_CHOSEN`. Mpokeaji hakuhitaji kusoma kilichoandikwa ndani. Jina la tukio lilitosha kumwambia kwamba mtumiaji huyu ana mimba. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni kwa udanganyifu, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 2021. Kwa hiyo unapokagua programu yako usiishie kuhesabu vifurushi. Fungua na majina ya matukio unayotuma. Kwenye programu ya kwaya, `rekodi_imepakiwa` haina shida. `kikundi_cha_kanisa_kimechaguliwa` inaitaja dini ya mtu, na hiyo ni aina ya taarifa ambayo sheria nyingi zinailinda zaidi ya nyingine.

Masharti hayatoki kwenye msimbo. Yanatoka kwenye ugomvi ambao haujatokea bado. Kaa chini ujiulize: nani anaweza kugombana na nani kupitia kitu hiki, na siku hiyo tutasema nini? Kwenye kwaya nauona ugomvi wa aina nne. Mwanakikundi anapakia wimbo ambao mtunzi wake hakuruhusu. Mtu anatukana wenzake kwenye maoni na unataka kumtoa. Mtu amefuta programu kwenye simu akidhani ameghairi usajili, na duka linaendelea kumkata. Na wa nne, rekodi za mwaka mzima zimepotea kwa hitilafu ya seva.

Kila ugomvi unazaa kifungu chake. Kwa wa kwanza, mtumiaji anathibitisha kwamba ana haki ya kupakia anachopakia, na wewe unabaki na haki ya kukiondoa mwenye wimbo akilalamika. Kwa wa pili unataja mwenendo usiokubalika na hatua utakazochukua. Wa tatu ni sentensi moja ya wazi: "Kufuta programu kwenye simu hakughairi usajili. Ghairi kwenye akaunti yako ya duka." Hii ningeiweka pia kwenye skrini ya malipo, maana hakuna atakayeikumbuka kutoka kwenye masharti. Wa nne ni kifungu cha ukomo wa dhima, kinachosema kama kuna hasara utafidia kiasi gani. Hapo usiote ndoto: sheria za kulinda watumiaji sehemu nyingi hazikubali ujivue lawama zote, na kifungu kinachodai kila kitu kinaweza kufutwa chote na hakimu. Kinachodai kiasi cha haki kina nafasi nzuri zaidi ya kusimama.

Ipo sentensi moja inayokaa mpakani, na hiyo ndiyo inayopima kama hati zako zimeandikwa na mtu mmoja mwenye akili moja: rekodi ya sauti inakuwaje mtu anapoondoka? Kwenye masharti ni suala la leseni:

"Rekodi unazopakia zinabaki zako. Unaturuhusu kuzihifadhi, kuzinakili na kuwachezea wanakikundi wako, kwa ajili ya kuendesha huduma hii tu. Ruhusa hiyo inakwisha unapofuta rekodi au akaunti, isipokuwa kwa nakala zilizo kwenye hifadhi rudufu mpaka zifutike."

Kwenye sera ni suala la muda na mikono inayoishika:

"Tunahifadhi rekodi zako mpaka uzifute au ufute akaunti. Nakala zilizo kwenye hifadhi rudufu hufutika ndani ya siku 30. Rekodi husikilizwa na wanakikundi wako, na kampuni inayotukodishia seva huzihifadhi kwa niaba yetu."

Sasa fikiria masharti yaliyochotwa kwingine yanasema "leseni ya kudumu, isiyoweza kufutwa", na sera inasema siku 30. Mtumiaji atashika ile inayomfaa. Apple inataka tangu Juni 2022 kwamba programu inayofungua akaunti iruhusu pia kuifuta humohumo ndani, kwa hiyo swali hili halikwepeki. Na hizo siku 30 ziwe zimepimwa kwenye seva, siyo zimeokotwa. Muulize anayesimamia hifadhi rudufu mzunguko wake ni wa siku ngapi, kisha uandike namba hiyo.

Kubadilisha, na kukosea

Wengi huandika kwenye masharti kwamba wanaweza kuyabadilisha wakati wowote wapendavyo. Sentensi hiyo huonekana kama ngao na inaweza kukugeuka. Katika kesi ya Harris dhidi ya Blockbuster, 2009, mahakama ya Texas ilikataa kusimamia kifungu cha usuluhishi kwa sababu kampuni ilikuwa imejipa uwezo wa kubadilisha chochote muda wowote. Ahadi ambayo mmoja anaweza kuitengua apendavyo haikuhesabika kuwa ahadi. Andika badala yake kwamba utatoa arifa siku kadhaa kabla, mabadiliko hayataingia kwenye migogoro iliyokwisha kuanza, na asiyekubali anaweza kufunga akaunti. Kwa mabadiliko mazito, onyesha skrini upya na uchukue kukubali upya.

Sera inabadilika kila msimbo unapobadilika. Ukiongeza kifurushi, sera inafuata, na arifa inatoka kabla ya toleo jipya. Usichoweza kufanya ni kuibadilisha kurudi nyuma. Gateway Learning, kampuni ya vifaa vya kujifunzia kusoma, iliahidi kutowapa wengine taarifa za wateja. Baadaye ikazikodisha, kisha ikaandika sera mpya na kuitumia kwa taarifa zilizokusanywa chini ya ile ya zamani. FTC ililishughulikia shauri hilo mwaka 2004 na ikauita mwenendo huo usio wa haki. Taarifa hukaa chini ya ahadi iliyokuwepo siku ilipochukuliwa, mpaka mwenyewe akubali vingine.

Ukikosea, waamuzi ni tofauti. Masharti mabovu kwa kawaida yanakunyima kinga: kifungu ulichokitegemea hakifanyi kazi, na unabishana na mtumiaji mmoja au kundi lao mahakamani. Sera ya uongo inakuletea mamlaka ya serikali, hata kama hakuna mtumiaji aliyelalamika. Kiwango cha juu cha faini chini ya GDPR ni yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka duniani kote, kile kilicho kikubwa. Angalia pia usiandike kwenye masharti kwamba "sera ya faragha ni sehemu ya mkataba huu". Maneno hayo machache yanaigeuza kila sentensi ya sera kuwa ahadi ya kimkataba, na unajikuta unajibu pande zote mbili kwa kosa moja.

Kuhusu faili moja kwa zote mbili

Hakuna kinachokuzuia kuzipandisha kwenye tovuti ileile, lakini kila moja iwe na ukurasa na tarehe yake. Faili ya pamoja inapunguza kazi mwanzoni tu. Kila ukiongeza kifurushi cha takwimu utalazimika kuamua kama umebadilisha mkataba, na mtu anayetafuta jinsi ya kufuta taarifa zake atapita kwanza kwenye aya za dhima.

Kwa hali yako

Kama programu yako haina akaunti, haiuzi kitu na haitumi chochote nje ya simu, mfano kikokotoo, nguvu zako zipeleke kwenye sera fupi ya kweli. Aya tatu zinatosha, ukishahakikisha kwa amri zile mbili kwamba kweli haitumi kitu. Kwa upande wa Apple, mkataba wao wa kawaida unaweza kukutosha kabisa.

Kama ina akaunti na takwimu lakini watumiaji hawaonani wala hawapakii vitu vya kuonwa na wengine, anza na jedwali na sera, kisha masharti ya ukurasa mmoja au miwili: matumizi yasiyoruhusiwa, kufunga akaunti, ukomo wa dhima, sheria ya nchi gani inatumika.

Kama watumiaji wanapakia na wanaonana, kama ile kwaya, ziandike zote mbili kwa wakati mmoja na mtu mmoja azisome kwa pamoja akitafuta mahali zinapopingana. Hapa masharti ndiyo yatakayokula muda mwingi, kwa kuwa kila ugomvi unataka kifungu chake.

Kama unagusa afya, fedha, watoto au mahali mtu alipo, mizani inageuka. Sera ndiyo itakayobeba uzito, pamoja na maombi ya ridhaa yanayosimama peke yake, na hapo malipo ya mwanasheria wa data yana faida kuliko ya mwanasheria wa mikataba.

Kama programu tayari iko sokoni na ina faili moja ya kuchota, tenganisha kwanza. Futa kwenye sera kila sentensi ambayo msimbo hauithibitishi, toa arifa, na umwonyeshe kila mtumiaji wa zamani skrini ya masharti mapya mara atakapofungua programu. Wale wasioyakubali bado, kumbukumbu yako iwaonyeshe kwenye toleo la zamani, na migogoro yao uiamue kwa toleo hilo.